Kutafsiri chanzo cha Kiswahili kwa Kiingereza katika kazi ya kozi bila kuingia kwenye wizi wa kitaaluma

Mwanafunzi anaandika insha ya kozi kwa Kiingereza kuhusu siasa ya kujitegemea. Mezani ana kijitabu cha Azimio la Arusha cha mwaka 1967, cha Kiswahili. Anakutana na sentensi inayomfaa, anaigeuza kichwani, anaiandika kwa Kiingereza na kuendelea na aya yake. Hataji TANU, mwaka wala ukurasa. Ukimuuliza atakujibu kwa moyo mweupe kabisa: "Lakini Kiingereza hiki nimekitunga mwenyewe." Ni kweli, Kiingereza ni chake. Wazo, mpangilio wa wazo na uzito wake ni vya wenyewe walioandika, na msomaji wa insha ataamini ni vya mwanafunzi. Huo ni wizi wa kitaaluma, ingawa hakuna neno hata moja lililonakiliwa kama lilivyo.

Kuna wa pili ambao wengi hawaujui, nao kwa maoni yangu ndio unaowaponza wanafunzi wazuri. Huyu anataja chanzo cha Kiswahili vizuri, mwaka na ukurasa upo, ila tafsiri yenyewe ameichukua kwenye kitabu cha Kiingereza kilichokwisha kuchapishwa, au ameichukua na kubadili maneno mawili matatu. Hapo mwandishi wa asili amepata haki yake, lakini mfasiri amedhulumiwa jasho lake. Kwa hiyo kila unapotafsiri una watu wawili wa kuwalinda: aliyesema kwa Kiswahili, na aliyewahi kukisema kwa Kiingereza kabla yako.

Nitalitumia Azimio hilihili toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu lina pande zote: asili ya Kiswahili, tafsiri za Kiingereza zilizochapishwa, na sentensi zinazojulikana na watu wengi kiasi kwamba mhadhiri atazitambua mara moja.

Hatua ya kwanza: jua maandishi yalizaliwa kwa lugha gani

Kabla ya kutafsiri hata neno moja, jiulize kama Kiswahili ulicho nacho ni asili au ni tafsiri. Azimio lilitolewa kwa Kiswahili Februari 1967, kisha likatafsiriwa. Hapo una haki ya kulitafsiri upya.

Lakini chukua Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Hiyo ni tamthilia ya Shekspia, The Merchant of Venice, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ukinukuu mstari wake wa Kiswahili ukautafsiri "mwenyewe" kurudi kwenye Kiingereza, umetunga Kiingereza kipya cha maneno ambayo Kiingereza chake kipo tayari. Unachotakiwa kufanya ni kwenda kwenye tamthilia ya asili na kunukuu huko. Ndivyo ilivyo pia kwa gazeti la Kiswahili linalomnukuu kiongozi aliyehutubia kwa Kiingereza, au ripoti ya shirika la kimataifa iliyofupishwa kwa Kiswahili: tafuta maneno yenyewe aliyoyasema.

Upo wakati mmoja tu ambapo kurudisha tafsiri nyuma kunafaa, nao ni pale insha yako inapohusu tafsiri yenyewe. Ukitaka kueleza kwa nini mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza amegeuka kuwa "mabepari", neno lenye siasa nzima ya miaka ile ndani yake, lazima umwonyeshe msomaji Kiswahili kinasema nini. Hapo andika waziwazi kwamba unarudisha tafsiri nyuma kwa ajili ya uchambuzi.

Hatua ya pili: tafuta kama tafsiri ipo, kisha chagua njia moja

Ingia kwenye katalogi ya maktaba ya chuo, tafuta kwa jina la mwandishi, kisha kwa jina la Kiswahili la kitabu. Katalogi nzuri huandika jina la asili hata kwenye ukurasa wa toleo la Kiingereza, kwa hiyo ukitafuta kwa Kiswahili utaiona na tafsiri. Angalia pia marejeo ya makala za Kiingereza zilizoandikwa juu ya maandishi hayo, maana waandishi wake hutaja tafsiri waliyoitumia.

Kwa Azimio utakuta zaidi ya tafsiri moja. Ipo iliyotolewa na TANU mwaka 1967, na ipo iliyomo katika mkusanyiko wa maandiko ya Mwalimu Nyerere wa mwaka 1968, ambayo yenyewe inatangaza kwamba imerekebishwa ili kuondoa utata uliokuwamo katika ile ya kwanza. Maana yake hata ukiamua kutumia tafsiri iliyochapishwa, haitoshi kusema "tafsiri ya Azimio". Sema ipi.

Sasa chagua. Ama unatumia tafsiri iliyochapishwa, unaiweka ndani ya alama za kunukuu na kutaja kitabu ulikoitoa. Ama unatafsiri mwenyewe kutoka Kiswahili na kutaja Kiswahili. Njia zote mbili ni halali. Haramu ni kuchanganya: kuchukua Kiingereza cha kitabu na kuweka rejea ya kijitabu cha Kiswahili ili uonekane umesoma asili.

Mimi huwashauri wanafunzi watafsiri wenyewe pale hoja inaposimama juu ya neno fulani la Kiswahili, na watumie iliyochapishwa pale wanapohitaji habari tu. Ikiwa unachotaka kusema ni kwamba TANU ilikataa kutegemea fedha kama msingi wa maendeleo, huna sababu ya kuhangaika na tafsiri mpya.

Hatua ya tatu: tafsiri ukiwa na Kiswahili peke yake

Funga kitabu cha Kiingereza. Kiweke chumba kingine ikiwezekana. Ukishaisoma tafsiri ya mtu, maneno yake yanakukaa kichwani na utayatoa ukidhani ni yako.

Chukua karatasi, igawe safu tatu. Ya kwanza, nakili Kiswahili neno kwa neno pamoja na ukurasa. Ya pili, andika maana ya kila neno zito bila kujali Kiingereza kizuri. Ya tatu ndiyo ya sentensi yako ya Kiingereza. Safu ya pili ndiyo kazi yenyewe. Anayeiruka huishia kuazima.

Tuone kwa karibu. Katika sehemu ya tatu ya Azimio, inayohusu kujitegemea, kuna maneno haya: "Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, na tumepuuzwa kiasi cha kutosha." Na yanayofuata yanasema unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa.

Safu ya pili yangu ingekuwa hivi. Kuonewa ni kutendewa ubaya na mwenye nguvu kwa kuwa anajua huwezi kumrudishia. Mtoto mkubwa humwonea mdogo shuleni, kwa hiyo neno hili linaanzia nyumbani kabla ya kufika kwenye siasa. Kunyonywa kunatokana na kunyonya: kupe hunyonya damu, na picha hiyo ilikuwa hai kabisa masikioni mwa watu wa mwaka 1967. Kupuuzwa ni kuhesabiwa si kitu. "Kiasi cha kutosha" si kipimo cha wingi tu, ni sauti ya mtu aliyechoka: basi, imetosha. Unyonge umebeba udhaifu, umaskini na kukosa hadhi kwa pamoja, na Kiingereza hakina neno moja la kuvichukua vyote.

Baada ya hapo ndipo naandika safu ya tatu:

```
We have been wronged enough, we have been sucked dry
enough, and we have been slighted enough. It is our
lowliness that has let us be wronged, sucked dry and
slighted.
```

Si lazima uipende. Ni yangu, na kwa kila neno naweza kueleza nimelitoa wapi. Hicho ndicho kipimo: mhadhiri akikuuliza kwa nini umeandika hivi, jibu lako liwe kwenye Kiswahili.

Hatua ya nne: sasa fungua tafsiri iliyochapishwa ulinganishe

Tafsiri ya mkusanyiko wa mwaka 1968 inasema hivi mahali hapo:

```
"We have been oppressed a great deal, we have been
exploited a great deal and we have been disregarded
a great deal."
```

Angalia `a great deal`. Kinamaanisha "sana", si "imetosha". Mfasiri alichagua hivyo kwa sababu zake. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiswahili peke yake hana njia ya kawaida ya kufika hapo. "Kutosha" itampeleka kwingine. Kwa hiyo insha yenye maneno hayo matatu na rejea ya kijitabu cha Kiswahili inajisema yenyewe.

Alama ya pili imejificha zaidi. Kiswahili kinarudia vitenzi vyake kwa mpangilio uleule hadi mwisho: tusionewe tena, tusinyonywe tena, tusipuuzwe tena. Tafsiri iliyochapishwa inafunga hivi:

```
"...so that we are never again exploited, oppressed,
or humiliated."
```

Mpangilio umebadilika, kunyonywa kumetangulia, na kupuuzwa kumekuwa kudhalilishwa, ingawa mistari miwili juu kulitafsiriwa vingine. Ukikuta insha imebadili maneno yote kwa visawe lakini imebaki na mpangilio huo mpya, basi jicho la mwandishi lilikuwa kwenye Kiingereza. Kubadilisha visawe hakuondoi alama hii. Programu za kukagua wizi hulinganisha maneno na zinaweza zisione kitu. Mhadhiri anayejua Kiswahili anaona kwa dakika moja.

Na wewe jikague hivyohivyo. Tafuta mahali ambapo tafsiri iliyochapishwa imeachana na Kiswahili: imeongeza neno, imeruka neno, imegeuza mpangilio, imelainisha tusi. Kama yako imeachana na Kiswahili palepale na kwa namna ileile, futa sehemu hiyo na uanze upya kutoka safu ya pili, au ukubali kuinukuu tafsiri hiyo na kumtaja mwenyewe. Maneno mafupi yasiyo na njia nyingine yakifanana usihangaike. "Februari 1967" haina tafsiri mbili.

Inatokea pia kwamba baada ya kulinganisha unaona mfasiri amepatia neno moja kuliko wewe. Lichukue, ila useme. Tanbihi ya mstari mmoja inayosema neno fulani umelifuata kutoka tafsiri ya 1968 inatosha.

Hatua ya tano: taja chanzo kwa mtindo unaotakiwa

Hapa mitindo mitatu mikubwa haikubaliani, na kutokubaliana kwao ni juu ya jambo moja: je, tafsiri yako mwenyewe ni nukuu?

APA inasema hapana. Ukitafsiri mwenyewe, maneno ya Kiingereza si ya mwandishi, kwa hiyo yanahesabiwa kama ufafanuzi kwa maneno yako. Huweki alama za kunukuu, lakini rejea lazima iwepo. Mwalimu aliyezoea mtindo mwingine anaweza kushangaa alama ziko wapi, kwa hiyo jenga sentensi ionyeshe wazi maneno ya chama yanaanzia wapi:

```
The party declared that Tanzanians had been wronged,
sucked dry and slighted enough (TANU, 1967, Part 3).
```

Kwenye orodha ya marejeo, jina la kitabu linabaki Kiswahili kama lilivyo kwenye jalada, kwa herufi za mlazo, na maana yake kwa Kiingereza inafuata ndani ya mabano ya mraba bila mlazo:

```
TANU. (1967). Azimio la Arusha na siasa ya TANU juu ya
ujamaa na kujitegemea [The Arusha Declaration and TANU's
policy on socialism and self-reliance]. Idara ya Habari,
TANU.
```

Kosa ninaloliona kila muhula ni kuandika jina la Kiingereza peke yake. Ukifanya hivyo umemwambia msomaji kwamba ulisoma toleo la Kiingereza, na akienda kutafuta ukurasa ulioutaja hataupata.

MLA inaruhusu alama za kunukuu na inapenda msomaji aone lugha zote mbili. Unaweka Kiswahili, kisha tafsiri ndani ya mabano, kisha tamko kwamba tafsiri ni yako:

```
The third part speaks in anger: "Tumeonewa kiasi cha
kutosha" ("We have been wronged enough"; my trans.;
TANU, pt. 3).
```

Chicago nayo inakubali alama za kunukuu, na tamko linaweza kukaa kwenye tanbihi:

```
1. TANU, Azimio la Arusha na Siasa ya TANU juu ya
Ujamaa na Kujitegemea (Dar es Salaam: Idara ya Habari,
TANU, 1967), pt. 3 (my translation).
```

Nimeandika sehemu badala ya ukurasa kwa kuwa matoleo ya Azimio yamepigwa chapa mara nyingi na kurasa hazilingani. Wewe mwenye nakala mkononi weka ukurasa wake. Kama nukuu ulizozitafsiri ni nyingi, tangaza mara moja kwenye tanbihi ya kwanza ukaachana na kurudia:

```
Unless otherwise noted, all translations from Swahili
are my own.
```

Ukishatangaza hivyo umejifunga. Sentensi moja tu ya kuazimwa ikiponyoka humo bila kutajwa, tangazo lote limekuwa uongo.

Jambo dogo la majina: Shaaban Robert utamkuta kwenye katalogi nyingi chini ya R, ila kwenye tasnifu nyingine za nyumbani yuko chini ya S. Fuata katalogi ya maktaba yako, na ufuate hivyohivyo insha nzima.

Makala za wahakiki: wizi usio na nukuu

Mpaka hapa nimezungumzia maneno ya kunukuu. Hatari kubwa zaidi iko kwenye makala za kitaaluma za Kiswahili, kwa mfano zile za majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kiswahili na Mulika. Mwanafunzi anasoma aya tano za mhakiki. Aya ya kwanza inaleta swali, ya pili inatoa mfano, ya tatu inaupinga mfano, ya nne inaleta wa pili, ya tano inahitimisha. Anazifupisha kwa Kiingereza kwa mpangilio huohuo, mifano ileile, na mwishoni anaweka rejea moja ndani ya mabano.

Rejea hiyo inafunika sentensi ya mwisho tu. Msomaji ataelewa kwamba swali, mifano na pingamizi ni za mwanafunzi, na mhakiki amechangia hitimisho. Nilifanya kosa hilihili nilipokuwa mwanafunzi. Mwalimu wangu alikaa na mimi, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya kila sentensi ambayo wazo lake halikuwa langu. Ukurasa ulikuwa mwekundu karibu wote, na nilikuwa nimeweka rejea tatu. Sijausahau ukurasa ule.

Dawa ni kumtaja mhakiki mwanzoni mwa aya, na kuendelea kumtaja kila hoja yake inapoingia: anauliza, anatoa mfano, anapinga. Halafu pale unapoanza kusema wewe, onyesha umeanza. Ukiona kwamba baada ya kumtaja hivyo huna sentensi yako hata moja katika aya, tatizo si rejea tena. Rudi ujiulize wewe unaona nini, maana aya hiyo bado ni ya mtu mwingine.

Maneno yasiyotafsirika yabaki Kiswahili. Ujamaa, utani, unyago: liandike neno kwa herufi za mlazo mara ya kwanza, lieleze kwa Kiingereza chako, kisha liendelee kuwa neno. Lakini maelezo uliyoyatoa kwenye kamusi nayo yana mwenyewe, itaje kamusi.

Kwa mahojiano uliyofanya mwenyewe kwa Kiswahili, APA huyaweka ndani ya maandishi tu kama mawasiliano binafsi, bila kuyaingiza kwenye orodha ya marejeo. Sema kwamba mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili na tafsiri ni yako. Kipindi cha redio kilichohifadhiwa mtandaoni ni tofauti, kwa sababu msomaji anaweza kukisikiliza: kinaingia kwenye orodha, na badala ya ukurasa unataja dakika.

Kabla ya kukabidhi

Zipige picha kurasa za Kiswahili ulizotafsiri, pamoja na jalada na ukurasa wenye jina la mchapishaji na mwaka. Zihifadhi kwenye folda moja na ile karatasi ya safu tatu, na usiitupe karatasi hiyo hata ikiwa imejaa mikwaruzo. Kama mtindo wako unaruhusu kiambatisho, weka humo Kiswahili cha kila nukuu ndefu sambamba na tafsiri yako. Mhadhiri asiyejua Kiswahili anaweza kumpa mwenzake anayekijua, naye akaona kwa macho yake neno gani limetoka wapi.